Nani Alifika Nyumbani? Sentensi Zinazoning'inia katika Insha za Wanafunzi

"Baada ya kufika nyumbani, mvua kubwa ilianza kunyesha." Sentensi ya namna hii imo katika insha nyingi za wanafunzi, nayo hupita bila kuwekewa alama na kalamu nyekundu. Tahajia yake ni sahihi, ngeli zimepatana, na kituo kimekaa mwishoni. Lakini jiulize swali moja tu: nani alifika nyumbani? Mtu pekee anayeweza kutajwa katika sentensi hii hayumo. Kilichomo ni mvua, na kwa jinsi maneno yalivyopangwa, mvua ndiyo iliyofika nyumbani kisha ikaanza kunyesha.

Mwalimu anaelewa mwanafunzi alichokusudia, kwa hiyo anaiacha. Sentensi inayofuata inakuwa na kasoro ileile, na ya tatu pia. Mwishoni mwa ukurasa mwalimu anahisi kwamba insha ina ukungu, lakini haonyeshi ukungu huo umetoka wapi. Anaandika "jieleze vizuri" na kutoa alama za wastani. Mwanafunzi anarudishiwa daftari bila kujua alichokosea.

Kasoro hizi ni za aina mbili. Ya kwanza ni maelezo yanayoning'inia: fungu la maneno linaloeleza tendo au hali ya mtu ambaye hakutajwa popote katika sentensi. Ya pili ni maelezo yaliyokaa pasipo pake: mtu au kitu kinachoelezwa kimetajwa, ila maelezo yamewekwa mahali ambapo yanaweza kushikwa na neno lingine. Katika aina ya kwanza msomaji hukosa mtu wa kumpa tendo. Katika ya pili hupata watu wawili na asijue achague yupi.

Kiswahili hujilinda, lakini si kila mahali

Lugha yetu ina kinga kubwa dhidi ya kasoro hizi, na anayetaka kuzirekebisha ni lazima kwanza aijue kinga hiyo. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi kinachoonyesha mtenda. Ukisema "nilifika", *ni-* inatosha kumtaja mfikaji. Ukisema "kilivunjika", msikilizaji anajua kwamba unasema juu ya kitu cha ngeli ya KI-VI, hata kabla hujakitaja. Upatanisho huu wa kisarufi huyafunga maneno pamoja hata yanapokaa mbalimbali.

Tazama sentensi hii: "Akitembea barabarani, gari lilimgonga." Walimu wengine huikata kwa kudai kwamba inasema gari ndilo lililokuwa likitembea. Hawako sahihi. Gari lingechukua *li-*, tungesema "likitembea". Kiambishi *a-* cha "akitembea" hakiwezi kuwa cha gari. Kinaungana na *-m-* iliyo ndani ya "lilimgonga", na wote wawili ni mtu yuleyule. Sentensi ni salama, mradi mtu huyo ametajwa awali katika habari. Vilevile "Nikiwa darasa la nne, baba alihamishiwa Dodoma" haina kosa lolote, kwa sababu *ni-* imekwisha kumtaja mwenye kuwa darasa la nne.

Kwa hiyo tusiwafundishe watoto kanuni kwamba kila fungu la maneno linalotangulia lazima lieleze kiima cha sentensi kuu. Kwa Kiswahili hiyo si kanuni. Kinachotakiwa ni kuangalia kama fungu hilo limebeba alama ya mtenda wake. Kinga ya upatanisho huanguka mahali pawili: pale kitenzi kinapokosa kiambishi cha mtenda, na pale maneno mawili yanapochukua kiambishi kimoja. Makosa mengi ya aina hii yanayofunika maana ya insha hutokea katika sehemu hizo mbili.

Kitenzi cha "ku-" na mtenda aliyepotea

Kitenzi kinachoanza kwa *ku-*, kama "kufika", "kula" au "kusoma", hakina nafsi. Hutaja tendo peke yake, kama nomino. Kikitanguliwa na "baada ya", "kabla ya", "bila", "kwa" au "ili", msomaji hulazimika kumtafuta mtenda katika sehemu ya pili ya sentensi, na kwa kawaida humchukua kiima cha sehemu hiyo. "Baada ya kula, tulilala" haina shida, kwani *tu-* ipo karibu na wasomaji wote watakubaliana kwamba waliolala ndio waliokula. Lakini "Baada ya kula, sahani zilioshwa" inampa msomaji sahani tu.

Hii hapa mifano mingine inayofanana na ile ya madaftarini:

"Kwa kusoma kwa bidii, mtihani ulikuwa rahisi." Mtihani haukusoma.

"Bila kujua, bei ya sukari ilikuwa imepanda." Nani hakujua?

"Baada ya kupekuliwa, bangi ilipatikana mfukoni mwake." Aliyepekuliwa ni kijana, lakini kijana hakutajwa ila kwa *-ake* iliyo mkiani mwa sentensi.

"Kuona vile, machozi yalinitoka." Hapa nafsi ya kwanza imo ndani ya "yalinitoka", lakini kiima ni machozi, na machozi hayaoni.

Utaona kwamba nusu ya pili ya sentensi hizi ina tabia moja: kiima chake si mtu. Ama ni kitu, ama ni hali ya hewa, ama kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, kama "zilioshwa", na mtenda akafichwa. Hiyo ndiyo dalili ya haraka kuliko zote. Ukiona "baada ya ku-" mwanzoni, ruka moja kwa moja hadi kwenye kitenzi kikuu na usome kiambishi chake. Kikiwa ni *ni-*, *tu-*, *a-* au *wa-*, mara nyingi sentensi ni nzima. Kikiwa ni *i-*, *zi-*, *li-*, *ya-* au *u-* ya kitu, simama na uulize "nani?"

Tiba zipo tatu, na mwandishi huchagua kulingana na anachotaka kukitanguliza.

Tiba ya kwanza ni kumweka mtenda kati ya "baada ya" na kitenzi: "Baada ya sisi kufika nyumbani, mvua kubwa ilianza kunyesha", au "Baada ya kijana yule kupekuliwa, bangi ilipatikana mfukoni mwake." Hii ni tiba nyepesi, kwani sentensi haibadilishwi sana.

Tiba ya pili ni kumpa kitenzi nafsi yake kwa kutumia *-po-* au kiunganishi: "Nilipoona vile, machozi yalinitoka." "Kwa kuwa nilisoma kwa bidii, niliuona mtihani kuwa rahisi." Katika simulizi hii ndiyo tiba bora, kwa sababu *-li-* na *-po-* huendeleza mwendo wa hadithi. Lakini uangalie wakati wa matukio. "Tulipofika nyumbani, mvua ilianza kunyesha" humaanisha mambo mawili yalikwenda pamoja. Kama mvua ilikuja baadaye, andika "Tulipokwisha kufika nyumbani" au urudi kwenye tiba ya kwanza.

Tiba ya tatu ni kuiacha sehemu ya mwanzo kama ilivyo na kubadili kiima cha sehemu ya pili: "Baada ya kula, tuliosha sahani." Tiba hii inaondoa kauli ya kutendwa ambayo haikuwa na kazi, na sentensi hupata nguvu. Mwanafunzi anayependa kuandika "zilioshwa", "ilifanywa" na "vilinunuliwa" pasipo sababu atanufaika zaidi na tiba hii.

Lakini si kila *ku-* isiyo na mtenda ni kosa. Katika maelekezo na taarifa za majaribio ya sayansi, mtenda ni yeyote atakayefanya kazi ile: "Baada ya kuchemsha maji, chumvi huongezwa." Hakuna msomaji atakayeuliza nani alichemsha. Semi zilizokwisha kukomaa nazo zina ruhusa. "Kufumba na kufumbua, moto ulikuwa umeenea paa zima" ni Kiswahili safi, ingawa moto haufumbi wala haufumbui macho. "Kusema kweli" na "kwa kufupisha" vilevile huelekea kwa msemaji mwenyewe. Mwalimu anayekata semi hizi anafuta uzuri wa lugha pasipo kusafisha chochote.

"Akiwa" yenye watu wawili

Kiambishi *-ki-* huambatana na nafsi, na tumeona jinsi kinavyoweza kuiokoa sentensi. Tatizo huja watu wawili wanapokuwa ndani ya sentensi moja na wote wakachukua *a-*. Chukua hii: "Dereva alimwita utingo akiwa amekasirika." Nani amekasirika? Sarufi inawaruhusu wote wawili. Kama mmoja angekuwa wa wingi, shida isingekuwepo: "Abiria walimwita utingo wakiwa wamekasirika" haina maana mbili.

Kuna vitenzi ambavyo hutatua jambo hili vyenyewe. Baada ya "kuona", "kukuta", "kusikia" na "kukamata", kitenzi chenye *-ki-* kinachofuata kwa kawaida humwelekea anayetendwa. "Mwalimu alimkuta Juma akila darasani" husomeka na kila mtu kwamba mlaji ni Juma. Kwa vitenzi vingine hakuna dhamana hiyo. "Bibi alimpa mjukuu zawadi akitabasamu" inaweza kuwa bibi, na inaweza kuwa mjukuu.

Ukitaka *-ki-* imshike kiima, isogeze ikae kando yake na uizungushie mikato: "Dereva, akiwa amekasirika, alimwita utingo." Ukitaka imshike mtendwa, vunja maelezo na uyafanye kishazi cha kurejesha: "Dereva alimwita utingo, ambaye alikuwa amekasirika." Mkato hapa una kazi ya kweli, si pambo.

Sentensi nyingine inayohitaji jicho kali ni hii: "Akiwa darasa la nne, baba yake alihamishiwa Dodoma." Mwanafunzi alimkusudia Juma, aliyemtaja aya iliyopita. Lakini baba naye huchukua *a-*, tena ndiye aliye karibu, kwa hiyo baba amegeuka mtoto wa darasa la nne. Linganisha na ile ya "Nikiwa darasa la nne", ambayo haina shida kwa sababu *ni-* na baba haviwezi kuchanganyika. Tiba ni kumtaja mtu kwa jina: "Juma alipokuwa darasa la nne, baba yake alihamishiwa Dodoma." Wanafunzi hufundishwa kutorudia majina, na ushauri huo ni mzuri hadi pale unapoua maana. Jina lirudiwe kila inapobidi.

Kirejeshi na maneno ya ngeli moja

Sasa tuje kwenye maelezo yaliyokaa pasipo pake. Soma: "Tunatoa rambirambi kwa mke wa diwani aliyefariki." Ni wazi kwamba kuna msiba, lakini ni msiba wa nani? Diwani amekufa na mkewe anapewa pole? Au aliyefariki ni mke? Maneno yote mawili yako katika ngeli ya A-WA, kirejeshi *-ye-* kinawafaa wote, na sentensi imebaki njia panda.

Hapa tena upatanisho huonyesha nguvu zake na mipaka yake. "Kiti cha mwalimu kilichovunjika" haina utata, maana *ki-* haiwezi kuwa ya mwalimu. "Mlango wa mkahawa uliofungwa" ina utata, kwa kuwa mlango na mkahawa wote huchukua *u-*: pengine mkahawa uko wazi na mlango mmoja tu ndio uliofungwa. "Kikapu cha chakula kilichooza" nayo inamwacha msomaji akijiuliza kama kimeoza chakula au kikapu. Kanuni ya kukagua ni hii: maneno mawili yakiunganishwa na *-a* unganifu, na yote yakawa ya ngeli moja na idadi moja, kirejeshi kinachofuata ni cha kushukiwa.

Kubadili "aliyefariki" kuwa "ambaye alifariki" hakusaidii kitu, kwa sababu "ambaye" nayo ni ya wote wawili. Wanafunzi wengi hudhani "amba-" husafisha sentensi. Kinachosafisha ni kubadili mpango. Ukitaka kirejeshi kiwe cha neno la pili, lifanye liwe la kwanza: "Diwani wetu amefariki, nasi tunatoa rambirambi kwa mkewe." Ukitaka kiwe cha neno la kwanza, vilevile litenge: "Diwani wetu amefiwa na mkewe, nasi tunampa pole." Mara nyingi tiba ya kirejeshi ni kuikata sentensi moja ziwe mbili, au kuunga vishazi viwili kwa "na" au "nasi", na hakuna hasara yoyote katika kufanya hivyo.

Vivumishi vina ugonjwa huohuo kwa kiwango kidogo. "Duka la nguo za watoto kubwa" linachanganya, kwa sababu "kubwa" inapatana na duka na inapatana na nguo. Kivumishi kikisogea karibu na nomino yake, mambo yanakwisha: "Duka kubwa la nguo za watoto." Wanafunzi huahirisha kivumishi hadi mwisho kwa sababu ndivyo fikra inavyowajia. Jambo la kuwazoeza ni kukirudisha nyuma wanaposoma upya walichoandika.

Maneno madogo yanayohamahama

Maneno ya wakati kama "jana", "asubuhi" na "Ijumaa" hukaa popote katika sentensi, na uhuru huo huwaponza waandishi. "Mwalimu alituambia Ijumaa tulete madaftari." Alisema siku ya Ijumaa, au madaftari yanatakiwa Ijumaa? Neno limesimama katikati ya vitenzi viwili na linaweza kwenda upande wowote. Lisogeze pembeni: "Ijumaa mwalimu alituambia tulete madaftari", au "Mwalimu alituambia tulete madaftari siku ya Ijumaa." Kuongeza "kwamba" au "kuwa" nako husaidia, kwa sababu huweka mpaka kati ya kusema na kilichosemwa.

"Tu" ndilo neno dogo lenye madhara makubwa zaidi. Hulifuata neno linalowekewa mpaka, na likisogea hatua moja hoja hugeuka. Mwanafunzi anayeandika barua kwa mkuu wa wilaya anaweza kusema: "Shule yetu ina vyoo vinne kwa wanafunzi 600 tu." Alitaka kulalamika kwamba vyoo ni vichache. Alichoandika kinasema wanafunzi ndio wachache, na malalamiko yake yamekufa. "Shule yetu ina vyoo vinne tu kwa wanafunzi 600" ndiyo sentensi aliyoikusudia. "Hata" hufanya kinyume kwa mahali pake, kwani hulitangulia neno lake: "Hata walimu hawakuja" si sawa na "Walimu hawakuja hata siku moja."

Aya moja, kosa kwa kosa

Aya ifuatayo nimeitunga kwa kukusanya makosa ya kawaida katika insha za safari na ajali:

"Siku ya Jumamosi nilisafiri na mjomba kwenda Morogoro. Baada ya kupanda basi, safari ilianza. Kabla ya kufika Chalinze, tairi la mbele lilipasuka. Dereva alimwita utingo akiwa amekasirika. Abiria mmoja alimbeba mtoto wa mwanamke aliyezimia. Kuona vile, machozi yalinitoka. Askari wa usalama barabarani alisema asubuhi basi lingine litakuja."

Tuanze na kuzungushia duara kila *ku-* isiyo na nafsi. Zipo tatu: "kupanda", "kufika" na "kuona". Vitenzi vikuu vinavyozifuata ni "ilianza", "lilipasuka" na "yalinitoka", na hakuna hata kimoja chenye kiima mtu. Ya kwanza inasema safari ilipanda basi, hivyo tunaandika "Tulipopanda basi, safari ilianza." Ya pili ni nyepesi zaidi, maana tairi kweli lilikuwa likielekea Chalinze pamoja na basi, na msomaji hatakwama. Hata hivyo "Basi lilipokaribia Chalinze" inamfanya aione barabara. Ya tatu inakuwa "Nilipoona vile".

Hatua ya pili ni kuzitafuta *-ki-* zilizo na watu wawili. Ipo moja, ya dereva na utingo, na tiba yake tumeiona. Hatua ya tatu ni virejeshi vinavyofuata *-a* unganifu. "Mtoto wa mwanamke aliyezimia" ni utata kamili: kama aliyezimia ni mtoto, abiria alikuwa anamwokoa, kama ni mama, alikuwa anamshika mtoto asianguke. Ni matukio mawili tofauti. Tuseme mwanafunzi alimkusudia mama. Pengine ataandika: "Mwanamke mmoja alizimia, na abiria aliyekaa karibu naye akambeba mtoto wake." Amejitahidi, lakini "wake" sasa inaweza kuwa ya abiria. Hii ndiyo sababu sentensi iliyorekebishwa lazima isomwe upya kama iliyoandikwa sasa hivi. Tunamtaja mtoto mapema: "Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto alizimia, na abiria aliyekaa karibu naye akambeba mtoto huyo."

Hatua ya mwisho ni maneno ya wakati. "Asubuhi" imekaa kati ya "alisema" na "litakuja", kwa hiyo tunaisogeza mwishoni na kuweka "kwamba". Aya nzima sasa inasomeka hivi:

"Siku ya Jumamosi nilisafiri na mjomba kwenda Morogoro. Tulipopanda basi, safari ilianza. Basi lilipokaribia Chalinze, tairi la mbele lilipasuka. Dereva, akiwa amekasirika, alimwita utingo. Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto alizimia, na abiria aliyekaa karibu naye akambeba mtoto huyo. Nilipoona vile, machozi yalinitoka. Askari wa usalama barabarani alisema kwamba basi lingine litakuja asubuhi."

Hakuna msamiati mpya uliotafutwa, wala methali iliyopachikwa. Aya imeongezeka maneno machache tu. Kilichobadilika ni kwamba kila tendo sasa lina mtu wake, na msomaji haulizi tena.

Kazi ya mwanafunzi na kazi ya mwalimu

Mwanafunzi hawezi kuyafikiria haya yote kalamu inapokwenda, wala hapaswi kujaribu. Aandike kwanza. Kisha atenge dakika chache za mwisho kwa ukaguzi wa mambo manne kwa mpangilio uleule tulioufuata: *ku-* zisizo na nafsi, *-ki-* zenye watu wawili, virejeshi baada ya *-a* unganifu, na mahali pa "tu" na maneno ya wakati. Akipitia jambo moja kwa wakati mmoja ataona zaidi kuliko akisoma kwa jumla, kwa sababu macho yake yanatafuta umbo la neno, si maana ambayo tayari anaijua. Kumpa mwenzake asome ni bora zaidi: mwenzake hajui alichokusudia, kwa hiyo atakwama pale ambapo sentensi imekwama.

Kwenye mitihani faida ni ya moja kwa moja. Nchini Kenya, insha ya KCSE hutolewa alama 20, na mpangilio wa maneno katika sentensi ni miongoni mwa mambo yanayohesabiwa kuwa makosa ya sarufi. Karatasi ya pili, ile ya lugha, mara kwa mara humtaka mtahiniwa aeleze maana mbili za sentensi moja. Nchini Tanzania utata hufundishwa kama mada ya Kiswahili. Kasoro iliyopo ni kwamba mada hii hufundishwa kwa sentensi za mwalimu ubaoni, wakati utata wenye kudhuru umo ndani ya madaftari ya wanafunzi wenyewe.

Ninawaomba walimu wenzangu wafanye badiliko moja dogo wanaposahihisha. Mstari mwekundu peke yake hausemi kitu, na "jieleze vizuri" haisemi zaidi ya hapo. Kando ya "Baada ya kula, sahani zilioshwa", andika neno moja pambizoni: "Nani?" Kando ya "mke wa diwani aliyefariki", andika "Yupi?" Maswali hayo mawili yanamwonyesha mwanafunzi pale hasa ambapo msomaji wake alipotea, na yanamwachia yeye mwenyewe kazi ya kutafuta jibu. Akiisha kuulizwa mara kadhaa, ataanza kujiuliza kabla hajakukabidhi daftari.